Fundi wa Sola Anajibu: Paneli Nne, Betri Moja

Fundi, shikamoo. Nina paneli 4 za wati 300 na betri moja ya jeli ya 100Ah. Miezi 5 tu imevimba ubavuni. Nimeuziwa feki? (Tongoni, Tanga)

Marahaba. Kabla hujamrudia muuzaji, geuza betri usome ubavuni. Nyingi za aina hiyo zimeandikwa `Max charging current`, yaani ampea za juu kabisa za kuichajia, na mbele yake kuna namba. Yako, kwa picha uliyotuma, ni 20A.

Sasa piga hesabu. Paneli zako ni wati 1200. Gawa kwa volti 14 za kuchajia, unapata ampea 85. Jua la pwani hupasha paneli joto na kuzipunguzia nguvu, tuseme saa sita mchana zinatoa ampea 60. Betri inayotaka 20 inamiminiwa 60. Chaji kontrola inalinda volti zisipite kiwango, lakini usipoiambia, hizo ampea haizibani.

Sahani za ndani haziwezi kupokea kwa kasi hiyo. Umeme unaobaki unageuka joto na kupasua maji kuwa gesi, vali inafunguka, gesi inatoka. Betri ya jeli huwezi kuiongeza maji, kwa hiyo kilichotoka kimetoka. Dalili yake ungeiona mapema: saa nne asubuhi skrini inasema imejaa, saa mbili usiku taa zinafifia. Na mchana ukiigusa, inachoma kama sufuria iliyotoka jikoni.

Basi nitoe paneli 3, nibaki na moja?

Ukibadilisha betri, ingia kwanza kwenye mipangilio ya kontrola. Kontrola nyingi za aina ya MPPT zina sehemu ya kuweka ukomo wa ampea, weka 20. Paneli hazidhuriki, zinatoa kinachochukuliwa tu. Kontrola isiyo na sehemu hiyo, hapo kweli acha moja: wati 300 kwa volti 14 ni kama ampea 21, na kwa joto letu zinashuka chini ya 20.

Ukitaka kuzitumia zote 4, funga betri 3 mpya zinazofanana sambamba, zigawane hizo ampea 60. Ile iliyovimba usiichanganye humo, itazivuta wenzake chini.

Betri yangu ya lithiamu, 100Ah volti 12, inajizima nikiwasha birika la wati 1500. Mbovu? (Ngamiani)

Nzima kabisa. Birika, pamoja na kinachopotea kwenye inveta, linavuta kama ampea 130. Saketi ya ulinzi ndani ya betri za ukubwa huo mara nyingi imewekewa 100, ikizidi inakata. Fundi akikuambia aiondoe hiyo saketi "ili betri ifanye kazi", mwambie asante, umwoneshe mlango. Chai chemshia gesi.