Maswali na majibu: riba ya kwenye karatasi na dola ya kwenye skrini

Mfumuko wa bei umeshuka kutoka asilimia 20 hadi 12. Mbona bei hazishuki?

Kwa sababu kilichopungua ni kasi ya kupanda. Bei bado zinapanda, na swali hili nimelijibu mara tatu mwaka huu.

Benki inanipa asilimia 10 kwa mwaka kwenye akaunti ya muda maalumu. Ndugu zangu wanasema napoteza. Napotezaje wakati hela inaongezeka?

Inaongezeka kwa idadi. Hujaniambia mfumuko wa bei kwenu ni kiasi gani, basi tuchukue asilimia 18, na tuseme riba inakatwa kodi ya asilimia 15. Umeweka milioni moja. Mwisho wa mwaka riba ni laki moja, kodi inachukua elfu kumi na tano, unabaki na 1,085,000. Usiishie hapo ukafurahi. Gawanya kwa 1.18, maana kilichokuwa kinauzwa 100 sasa kinauzwa 118. Unapata kama 919,500. Kwa hela ya siku uliyoweka, umerudi na pungufu ya elfu themanini, na juu yake umelipa kodi ya faida ambayo hukuipata. Hilo la kodi huniuma kuliko mengine yote: mtoza kodi anahesabu riba, hahesabu bei.

Je, uitoe? Usikimbilie. Ukiificha hiyo milioni chini ya godoro, mwisho wa mwaka inanunua kama 847,500 ilivyonunua mwanzoni. Kwa hiyo benki imekupunguzia hasara kwa karibu nusu. Ninachokuomba ni usiifunge kwa miaka mitano kwa riba isiyobadilika wakati bei zinakimbia. Funga miezi mitatu mitatu ili riba ikipanda upande nayo. Na usichukue takwimu ya taifa kana kwamba ni yako. Kapu linalopimwa ni la wastani wa watu wote. Mwenye kulipa kodi ya nyumba na karo, na karibu kipato chote kinaishia mezani na kwenye nauli, anaweza kuwa na mfumuko wake mkali zaidi. Andika matumizi yako ya mwezi mmoja, rudia mwezi uleule mwaka unaofuata, utaona mwenyewe.

Ninunue dola?

Maneno mawili, hakuna kiasi, hakuna muda, hakuna sababu. Haya.

Tuirudie milioni ileile. Duka la fedha linakuuzia dola kwa 100, lakini ukitaka kuwarudishia wanainunua kwa 95. Umepata dola 10,000, na ukigeuka mlangoni ukabadili mawazo una 950,000. Mwaka unapita, fedha yenu inashuka, dola sasa inauzwa 110 na kununuliwa 104.5. Unajigamba kwamba dola imepanda asilimia 10. Unauza, unapata 1,045,000. Yule wa akaunti ya muda maalumu hapo juu, tuliyekuwa tunamhurumia, ana 1,085,000.

Ili umfikie tu, bei ya kununuliwa ilipaswa ipande kutoka 95 hadi 108.5, zaidi ya asilimia 14. Kwa hiyo dola hulipa pale fedha yenu inapoporomoka haraka kuliko riba inavyokuja, au unapokaa nayo miaka kadhaa ili ile tofauti ya kununua na kuuza igawanyike. Anayenunua mwezi huu na kuuza ujao analilisha duka. Njia nyingine ni kununua kidogo kidogo kwa gharama utakayoilipa kwa dola: karo ya nje, vipuri, mzigo wa biashara. Hapo huhitaji kubashiri chochote.

Nayo dola inayeyuka. Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani kwenyewe ulifika asilimia 9.1. Ukizihifadhi noti mkononi, zitunze kama picha ya harusi. Mimi nilipeleka noti ya mia yenye mstari wa kalamu usiozidi ukucha. Yule mtu wa dirishani aliigeuza mara mbili kwenye mwanga, akairudisha chini ya kioo bila neno. Ya pili ilikuwa na mkunjo uliochanika kidogo, akaipunguza bei.

Mimi dola zangu ziko benki, kwenye akaunti ya dola kabisa. Hapo niko salama?

Swali nililokuwa nikilisubiri. Ulichonacho ni ahadi ya benki kwamba itakupa dola ukitaka. Benki yenyewe imezikopesha au imeziweka kwingine, mara nyingi kwa benki kuu au serikali. Siku dola zikiadimika nchini, tarakimu kwenye skrini zitabaki palepale.

Waajentina waliambiwa kwa miaka kumi kwamba peso moja ni dola moja, kwa sheria. Wengi waliweka akiba kwa dola katika benki za nyumbani wakajiona wajanja. Desemba 2001 serikali ikaweka kikomo cha kutoa fedha taslimu: peso au dola 250 kwa wiki. Mwanzoni mwa 2002 ile sheria ikafutwa, na dola za akaunti zikageuzwa kuwa peso kwa 1.40 kwa kila dola. Kufikia katikati ya mwaka huo dola sokoni ilikaribia peso 4. Aliyekuwa na dola 10,000 benki alihesabiwa peso 14,000, ambazo sokoni hazikununua hata dola 4,000. Lebanoni nako, tangu mwisho wa 2019, wenye akaunti za dola walizuiwa kuzitoa, mpaka watu wakabuni jina la hizo dola zisizotoka: lolari.

Dalili huja mapema. Benki inaanza kukupangia kiasi cha kutoa, inakuomba utoe taarifa siku kadhaa kabla, au inakupa riba kubwa mno kwa dola. Hiyo ya tatu ndiyo watu huishangilia. Benki inayolipa riba ya dola mara kadhaa ya inayolipwa kwingine inazitafuta kwa shida, na wewe ndiye unayeombwa uzilete. Ukiona mbili kati ya hizo, punguza mapema, kwa sababu foleni ikishaanza umechelewa.

Dhahabu je? Nasikia haijawahi kumwangusha mtu.

Aliyenunua Januari 1980, ilipogusa dola 850 kwa aunsi, alikuwa bado anasubiri 1999, ilipokuwa chini ya dola 300, na katika miaka hiyo bei za vitu Marekani zilikuwa zimepanda zaidi ya maradufu. Weka kiasi utakachokisahau kwa miaka mingi. Na mkufu si akiba: ukinunua unalipia ufundi, ukiuza sonara anapima uzito tu.

Kuna kikundi kinalipa asilimia 8 kila mwezi, nao wanasema ni kinga dhidi ya mfumuko wa bei. Nijiunge?

Hapana.

Nimepewa mkopo wa kununua kiwanja. Je, kweli mfumuko wa bei unamsaidia mwenye deni?

Unamsaidia mwenye riba isiyobadilika, kwa fedha ya nyumbani, na ambaye mshahara wake unapanda pamoja na bei. Ukikosa hilo la mwisho, rejesho litakubana kama kawaida huku kila kitu kingine kikipanda. Soma mkataba utafute neno la riba kubadilika. Likiwepo, benki imeshajikinga wewe bado. Ukiwa umekopa kwa dola na unalipwa kwa fedha ya nyumbani, umesimama upande mbaya kabisa wa hesabu zote nilizozifanya hapo juu. Na kiwanja kinashika thamani, sawa, lakini hakiuziki Jumanne mgonjwa akiwa hospitalini. Kabla hujasaini, hakikisha matumizi ya miezi mitatu yako mahali unapoweza kuyafikia siku hiyohiyo, hata kama yanayeyuka kidogo.