Kabla ya kupanga michoro ya mitosi, angalia V imeelekea wapi

Binti ya kaka yangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Bukavu, sehemu ya biolojia na kemia. Jumapili alikuja nyumbani Kadutu na fotokopi iliyofifia: michoro mitano ya mitosi, yaani seli moja inayogawanyika kuwa mbili zenye kromosomu sawa, imevurugwa makusudi, kazi ni kuipanga na kueleza kromosomu zinafanya nini katika kila mmoja. Seli ilikuwa na kromosomu 4.

Mchoro A una viini viwili vidogo, kimoja kila upande, na kistari kati yao. B una kromosomu 4 zenye umbo la X, zimejipanga katikati. C una vijiti 8 kama herufi V, vinne huku na vinne kule. D una zile X nne zimetawanyika ovyo, utando wa kiini umekatika vipande. E una kiini kimoja cha duara, ndani vurugu ya nyuzi tupu.

Alikuwa ameandika E, D, C, B, A.

“Baba mdogo, si zinatoka pande zote mbili zije zikutane katikati?”

Sikumcheka, kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe nikiwa darasani, na mwalimu wetu alilikata kwa kalamu nyekundu bila kusema kwa nini. Ukitazama C peke yake, kweli huwezi kujua kama vijiti vinaondoka au vinakuja. Mchoro hauna mwendo. Lazima mwendo uusome kwenye umbo.

Nilichukua uzi wa sufu wa mke wangu, nikakata vipande viwili virefu kama kidole, nikavifunga pamoja katikati kwa uzi mwembamba. Hiyo ndiyo X: kromosomu moja yenye kromatidi mbili, na pale pa fundo ni sentromere. Uzi ulishanakiliwa tangu E, yaani interfazi, wakati huoni kitu. Katika D, profazi, unajikunja na kunenepa hadi unaonekana. Kisha nikakata fundo, nikamwambia ashike kila kipande katikati, kimoja mkono huu, kingine mkono ule, avikokote juu ya meza polepole. Katikati ya uzi ikatangulia, mikia miwili ikabaki nyuma. Ikatokea V.

Kwa hiyo ncha ya V inaonyesha upande ambao kromosomu inakwenda, maana nyuzi za kuvuta zimeishika kwenye sentromere. Katika C ncha zote zilielekea mwisho wa seli na mikia ikatazama katikati. Vinaondoka. C ni anafazi, na inakuja baada ya B, metafazi. Kuna ushahidi wa pili, kama mchoraji wako hakujali mikia: vijiti vya C ni vya uzi mmoja mmoja, vya B ni viwili viwili. Kilichokwisha kuachana hakirudi kuwa X ndani ya mgawanyiko huohuo.

Hesabu nayo inasaidia, mradi uhesabu sentromere na si mikono. D ina 4, B ina 4, C ina 8, na kila kiini cha A kina 4. Wanafunzi wengi wanaandika 8 kwenye B kwa sababu wanahesabu kromatidi. Na ukikuta upande mmoja wa C una X mbili badala ya V nne, acha: huo si mitosi, ni anafazi ya kwanza ya meyosi, mgawanyiko wa kutengeneza seli za uzazi, ambapo kromosomu nzima ndizo zinazoachana.

A, telofazi, haina shida ukishaona viini viwili. Kile kistari ni ukuta mpya, kwa hiyo seli ni ya mmea. Ya mnyama ingebanwa kiunoni.

Mjerumani Walther Flemming, aliyeupa mgawanyiko huu jina mitosi mwaka 1882 kutokana na neno la Kigiriki la uzi, alichora seli za viluwiluwi vya salamanda, nyingi zikiwa zimekufa na kutiwa rangi. Naye ilibidi apange mfuatano kutoka kwa picha zilizosimama.

Upande wa maelezo, binti alikuwa ameandika chini ya C: “Kromosomu zinagawanyika.” Sentensi hiyo haitoshi, hata D mtu angeweza kuiita hivyo. Nikamtaka aseme zina umbo gani, ziko wapi, zinaelekea wapi. Akafuta, akaandika: “Sentromere zimeachana. Kromatidi za kila kromosomu, ambazo sasa ni kromosomu kamili, zinavutwa kwenda ncha mbili za seli, sentromere mbele, mikono nyuma.”

Halafu akauliza, kitunguu chenye kromosomu 16 kitaonyesha ngapi kwenye anafazi. Nikamsukumia ule uzi wa sufu. Hakuushika. “32, na 16 kila upande.”