Makato yanayoendelea baada ya kufuta programu

"Kadi yangu ya benki inakatwa kila mwezi, ilhali programu nilishaifuta kwenye simu. Nifanyeje?"

Ndugu, kufuta programu hakusitishi malipo, kwa kuwa usajili wa Play Store umeunganishwa na akaunti yako ya Google wala si na simu. Anza na taarifa ya benki ya miezi 13 iliyopita, maana usajili wa mwaka hujitokeza mara moja tu, na utafute mistari inayoanza na GOOGLE *, ambayo kwa kawaida hufuatwa na jina la programu au la mtengenezaji wake.

Kisha fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia Payments & subscriptions, halafu Subscriptions, uchague huduma husika na kubonyeza Cancel subscription. Usipoiona hapo, badilisha akaunti kabla ya kukimbilia benki: wengi wana barua pepe mbili kwenye simu moja, na ukurasa huo huonyesha usajili wa akaunti iliyofunguliwa tu. Ukishasitisha, huduma kwa kawaida huendelea hadi mwisho wa kipindi ulicholipia, kwa hiyo usishtuke ikiwa bado inafunguka.

Ikiwa mstari kwenye taarifa ya benki una jina la kampuni nyingine, usajili huo kwa kawaida husitishwa kwenye tovuti ya kampuni hiyo.