Kitini cha lugha mbili kutoka wasilisho moja: vichwa kwanza, tafsiri baadaye

"Nina wasilisho la PowerPoint kwa Kiingereza na nimeombwa kitini cha lugha mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, vichwa vya sehemu vikilingana. Nimegawa ukurasa wa Word katika safu mbili lakini kila nikirekebisha kidogo pande zinapishana. Mnafanyaje?"

Safu za `Layout > Columns` ni za kigazeti: maandishi hujaza safu ya kushoto kwanza, kisha yanahamia ya kulia, na sentensi moja ikiongezwa juu husukuma yote yaliyo chini yake. Kinachoshikilia pande mbili pamoja ni jedwali, kwa sababu mstari mmoja wa jedwali hurefuka kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Hata hivyo, jedwali lisiwe hatua ya kwanza.

Mara ya mwisho nilifanya kazi hii kwa wasilisho la slaidi 26 kuhusu usalama mahali pa kazi. Nilitoa maandishi kwa `File > Export > Create Handouts`, nikachagua `Outline only`. Njia hiyo huchukua tu maneno yaliyomo katika nafasi rasmi za kichwa na maelezo. Maneno yaliyowekwa katika visanduku vilivyochorwa kando hayatoki, na hakuna onyo lolote. Slaidi tatu zangu zilitoka tupu kwa sababu hiyo. Ili kuligundua jambo hili mapema, fungua `View > Outline View`: slaidi yenye namba lakini isiyo na maneno kando yake inahitaji kunakiliwa kwa mkono.

Baada ya hapo niliweka maelezo kando na kushughulikia vichwa peke yake. Vichwa vya slaidi si vichwa vya sehemu; katika zile slaidi 26, vichwa vingi vilirudiwa, kimoja hata mara nne mfululizo, kwa kuwa maelezo hayakutosha slaidi moja. Nilipounganisha zilizorudiwa zilibaki sehemu saba, na hizo saba ndizo nilizozitafsiri kabla ya kugusa aya yoyote.

Hapa ndipo kazi ilipo, na ningekusihi usiiharakishe. Sehemu ya pili iliitwa "Hazards" na ya tatu "Risks". Rasimu ya kwanza ya Kiswahili iliziita zote mbili "Hatari", na msomaji wa safu ya kulia angeona sehemu moja imeandikwa mara mbili. Nilisoma maelezo yaliyo chini ya kila kichwa ili kujua kinazungumzia nini hasa: ya pili ilitaja nyaya zilizo wazi na sakafu yenye maji, ya tatu ilipima uwezekano wa mtu kuumia na ukubwa wa madhara. Vichwa vikawa "Vyanzo vya hatari" na "Uwezekano wa madhara", na maneno hayo nikayatumia vilevile ndani ya aya zote. Angalia pia umbo la vichwa. Ikiwa Kiingereza kinasema "Reporting an incident" na "Preventing fire", basi Kiswahili kiwe "Kuripoti tukio" na "Kuzuia moto". Kimoja kikiwa amri na kingine jina, msomaji hudhani ni vya ngazi tofauti.

Jedwali lenyewe nililipa mstari wa kichwa kwa kila sehemu na, chini yake, mstari mmoja kwa kila slaidi. Sentensi kwa sentensi hukatakata maandishi, na sehemu nzima katika mstari mmoja huacha aya zikiachana. Mstari wa kichwa upe `Keep with next` ili usibaki peke yake mwisho wa ukurasa. Namba za vichwa ziandike kwa mkono: ukiweka namba za kujiendesha kwa orodha moja, Word huhesabu kutoka seli ya kushoto kwenda ya kulia, na utapata sehemu ya 1 kwa Kiingereza ikiwa ya 2 kwa Kiswahili. Zima pia `Automatically resize to fit contents`, la sivyo neno refu kama "yatakayowasababishia" linaweza kupanua safu yake na kubana ya jirani.

Kabla ya kukabidhi, nilichapa vichwa 14 bila namba, nikavikata, nikavichanganya na kumwomba mwenzangu anayezijua lugha zote mbili avioanishe. Alisita kwenye jozi moja tu, nami nikaiandika upya. Kwa muda wote wa kazi niliweka safu ya tatu nyembamba yenye namba ya slaidi, ili wasilisho likibadilishwa nijue mstari wa kurekebisha. Niliifuta siku ya kuchapa.