Salamu za wajukuu: dakika tano za kumuaga nyanya

Nyanya alizikwa Lang'ata siku ya Alhamisi. Jumatatu usiku, tukiwa matangani nyumbani kwake Jericho, niliambiwa kwamba mimi ndiye nitakayesoma salamu za wajukuu kwa kuwa ndiye mkubwa kati yetu tuliokuwa Nairobi. Nimeombwa na marafiki wawili waliofiwa hivi karibuni niwaeleze nilivyofanya, kwa hivyo naandika yote hapa.

Rasimu yangu ya kwanza ilianza na mwaka aliozaliwa, ikaja ndoa, kisha watoto saba na kanisa alilosali. Shangazi yangu mkubwa aliisoma akanirudishia. "Haya yote yako kwenye wasifu," akasema. "Mjomba wako atayasoma kabla hujasimama." Alikuwa sahihi. Katika mazishi yetu wasifu huchapishwa kwenye kijitabu, husomwa mbele ya watu, na baada yake huja salamu za majirani, za chama, za akina mama wa kanisa, za watoto, ndipo wajukuu. Mjukuu akisimama na kurudia tarehe, watu wameshazisikia na wengine wanazifuata kwa kidole kwenye kijitabu. Basi omba nakala ya wasifu kwanza, ukae nayo, ufute kwenye karatasi yako kila kitu kilichomo. Kinachobaki ndicho chako.

Kwangu kilibaki kidogo sana. Nilikuwa na maneno kama "alikuwa mkarimu, mcheshi, mwenye upendo," ambayo yangeweza kusemwa juu ya nyanya yeyote chini ya lile hema. Nikaacha kutafuta sifa, nikajiuliza ni kitu gani nilimwona akikifanya mara nyingi mno hata ningeweza kukiigiza. Jibu likaja papo hapo: nauli.

Nyanya hakuwahi kulipa nauli kamili ya matatu. Makanga akisema 30, yeye alitoa 20 na kumwambia, "Mwanangu, mimi sina meno, mimi ni nusu abiria." Kama makanga ni mgeni angebisha, abiria wangecheka, na nyanya angekaa kimya akitazama dirishani na mkoba wake mapajani, mpaka kijana achoke. Hicho ndicho kichekesho, na kila mjukuu anakijua.

Nilipokaa nacho zaidi nikaona kinabeba mambo mengine mawili. Zile shilingi 10 zilikuwa zikiingia kwenye mkebe wa Kimbo juu ya kabati, na ni mkebe huo uliomalizia karo yangu ya kidato cha tatu. Nakumbuka tulivyozihesabu mezani, sarafu kumi kumi, hadi vidole vyetu vikanuka chuma. Na mwezi wa mwisho kabla hajalazwa nilimsindikiza mjini. Alimpa makanga noti ya 50, hakusema neno, wala hakuulizia chenji. Hapo ndipo nilipojua kwamba anaumwa kuliko alivyotwambia.

Huo ndio ushauri wangu mkubwa. Usitafute kisa kimoja cha kuchekesha, kingine cha kushukuru na cha tatu cha kulilia, kisha uvishone pamoja. Tafuta jambo moja la marehemu lenye yote matatu ndani yake, ulisimulie kwa utaratibu huo: kicheko kwanza, shukrani katikati, huzuni mwisho. Ukianza na huzuni, watu wanaogopa kucheka baadaye. Ukimaliza na kichekesho, wale waliokaa mstari wa mbele wanabaki na majonzi yao peke yao.

Nilikuwa na kisa kingine nilichokipenda, cha nyanya akikimbia na karai la mahindi kichwani na kujificha chooni kwa jirani ili asikamatwe akiuza barabarani. Sisi wajukuu tumekicheka miaka yote. Nilimsomea shangazi Jumanne jioni, akanyamaza. Kisha akasema, "Siku hiyo walimpata. Hakurudi usiku ule, na sisi tulilala njaa." Nilikifuta palepale. Kinachomchekesha mjukuu huenda kilimliza mtoto, kwa hivyo kila kisa chepesi kisomee kwanza mtoto mkubwa wa marehemu. Kuna faida nyingine pia. Watu msibani hawathubutu kucheka kabla hawajatazama nyuso za wenye msiba. Shangazi zangu walikuwa wanajua kisa cha nauli kinakuja, wakacheka wao kwanza, na hema zima likafuata. Nami nilisubiri hadi kicheko kiishe chenyewe kabla ya kusoma sentensi iliyofuata.

Kuhusu lugha, niliandika Kiswahili ingawa wajukuu wengi wangeona Kiingereza ni rahisi. Wazee waliokaa mbele ndio waliomjua kwa miaka mingi kuliko sisi. Ile sentensi ya "nusu abiria" niliitamka kwa lugha yetu ya nyumbani, jinsi alivyoisema yeye, halafu nikaieleza kwa majirani.

Karatasi nayo itayarishe kwa mikono inayotetemeka. Nilichapisha kwa herufi kubwa, upande mmoja tu, nikaweka nambari kila ukurasa. Yalikuwa maneno kama 500. Nikisoma jikoni kwa sauti yalichukua dakika nne, siku yenyewe yakachukua karibu sita. Nilizungushia kalamu aya mbili ambazo ningeweza kuziruka, na nashukuru nilifanya hivyo, maana tulichelewa kutoka mochari na emsii akanidokeza nifupishe nikiwa nimeshashika maikrofoni. Nilibakiza nauli, mkebe na noti ya 50.

Nilivyokuwa nikisoma jikoni niligundua kwamba sauti inanikatika mahali pamoja kila mara, kwenye ile noti. Nikaipigia mstari mwekundu, nikahakikisha sentensi inayofuata ni fupi, yenye maneno matatu tu: "Alikuwa amechoka, jamani." Binamu yangu alisimama kushotoni kwangu na nakala yake. Tulikubaliana kwamba nikimgusa kiwiko, ataendelea pale nilipoishia. Nilipofika kwenye mstari mwekundu machozi yalikuja kama nilivyojua yatakuja. Sikuomba radhi wala sikujaribu kusema huku nikilia, kwa sababu maikrofoni hugeuza kilio kuwa mkoromo na hakuna anayesikia neno. Niliitazama karatasi, nikavuta pumzi mara tatu, na kina mama wa kanisa wakaanza kuimba taratibu ubeti mmoja. Waliponyamaza nikaisoma ile sentensi fupi. Kiwiko cha binamu sikukigusa, lakini kujua kwamba kipo ndiko kulikonisimamisha.

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyonipa shida zaidi. Nilikuwa nimeandika kwamba sisi wajukuu tutaishi kwa umoja na kufuata nyayo zake, nikayafuta, kwa kuwa ahadi hizo hazikuwa zangu peke yangu kuzitoa na nyanya mwenyewe asingeziamini. Badala yake niliacha kusema na watu, nikageukia jeneza. Mara moja tu, kwa sababu nimeona wanaomsemesha marehemu tangu mwanzo, na waombolezaji hubaki kama watu wanaosikiliza simu ya wengine. Nilisema, "Nyanya, ile karo ya kidato cha tatu, ahsante. Safari hii nauli tumelipa sisi, na tumelipa kamili." Nikakunja karatasi, nikampa shangazi, na mchungaji akasogea mbele.