Trei ya chuma inaisha ndani ya tanuru, waya wa hita upo tu

"Wakuu, nina tanuru naliendesha 900°C. Trei ya chuma cha kawaida inabanduka magamba kila nikizima, lakini waya wa hita ambao una moto kuliko hata trei unakaa muda mrefu. Wote si metali? Au trei niongeze unene?"

Mkuu, unene utakuongezea siku tu. Mimi hili lilinisumbua mpaka nikaamua kupima, nikakata vipande vya chuma cha kawaida, nikapima eneo la uso wa kila kimoja na uzito wake, nikaviweka 900°C. Kimoja nikakitoa baada ya saa 1, kingine saa 4, kingine saa 9, na kila kimoja nilikipima pamoja na magamba yake yote, maana uzito unaoongezeka ndo oksijeni iliyoingia. Nikapata kama miligramu 22 kwa sentimita mraba, halafu 43, halafu 66.

Angalia hapo vizuri. Muda umezidishwa mara 4 lakini oksijeni imezidi mara 2 tu, na kwa muda mara 9 imezidi mara 3. Ukichukua namba ukaizidisha kwa yenyewe afu ukagawa kwa saa, zote tatu zinakuja karibu sawa, 484, 462, 484. Ndo ile x² = kt, x ni oksijeni iliyoingia, t ni muda, na k ni namba inayoonyesha gamba linakua kwa kasi gani, na mwanakemia Mjerumani Carl Wagner alieleza sababu yake mwaka 1933: gamba likishashika uso wote, chuma na oksijeni haviwezi tena kukutana moja kwa moja, lazima ayoni na elektroni zisafiri kupita ndani ya gamba lenyewe. Gamba likinenepa safari inakuwa ndefu, kwa hiyo gamba linajipunguzia kasi lenyewe.

Sasa utauliza, kama linajipunguzia kasi mbona trei inaisha? Kwanza ni ile k. Juu ya kama 570°C sehemu kubwa ya gamba la chuma inakuwa FeO, aina mojawapo ya oksidi ya chuma, na FeO ina nafasi nyingi tupu ambako ayoni ya chuma ilitakiwa kukaa na haipo, yaani ayoni zinaruka toka nafasi moja kwenda nyingine bila shida. Saa moja tu ya 900°C nilishapata gamba la karibu milimita 0.17. Pili, na hapa ndo unapoumia zaidi, kila ukizima tanuru gamba na chuma havisinyai sawa, gamba linapasuka na kudondoka, na ukiwasha tena chuma kiko uchi na hesabu inaanza sifuri. Kwa namba zangu, saa 9 mfululizo ni 66, lakini gamba likidondoka lote kila baada ya saa 1 ni 22 mara 9, yaani 198. Joto lile lile, muda ule ule, hasara mara tatu.

Waya wako, kama ni wa chuma, kromiamu na alumini (alumini kama asilimia 5), gamba lake ni alumina, yaani oksidi ya alumini. Alumina haina nafasi tupu za kueleweka na elektroni pia hazipiti kirahisi, kwa hiyo hata baada ya saa 100 kwa 1000°C unaongelea mikroni chache tu. Kromiamu humo inasaidia alumini hiyo kidogo ishike uso wote mapema kabla chuma hakijatawala. Waya wa nikeli na kromiamu unatengeneza kromia, yaani oksidi ya kromiamu, nayo inalinda vizuri ila inakua haraka kuliko alumina, na ukipita kama 1000°C inaanza kuoksidika zaidi na kuondoka kama gesi ya CrO3. Kwenye mvuke wa maji inaanza kuondoka hata chini ya hapo. Ukipima kipande ukakuta uzito unashuka wakati hakuna gamba lililodondoka, jua ndo hicho.

Ila hata alumina inabanduka ukizima na kuwasha sana, ndo maana aloi nzuri zinawekwa itriamu kidogo, inakamata salfa ambayo vinginevyo ingekaa kati ya gamba na metali na kulegeza mshiko. Kila gamba likibanduka, jipya linachota alumini toka ndani ya waya, na waya mwembamba hauna akiba kubwa. Siku alumini ikipungua sana chuma chenyewe kinaanza kuliwa, utaona madoa meusi au ya kutu juu ya ule ukijivu mwepesi, na hapo badilisha waya mapema usisubiri ukatike.

Kwa trei, tafuta aloi ya chuma, kromiamu na alumini kama ile ya waya, na ikiwa mpya ichome kwanza tupu kwa 1050°C saa kadhaa kama tanuru lako linafika. Kwa 900°C alumina ya mwanzo huwa ni ya aina nyingine inayokua haraka, ile imara inataka joto zaidi ili ijengeke. Na kama kazi zako zinaruhusu, unganisha mizunguko, usizime kila baada ya saa moja.