Uso wa duara na ndevu za kipilipili: anza na picha

Mwaka jana nilimwonyesha kinyozi picha ya jamaa mwenye ndevu zilizojaa mpaka mashavuni. "Kaka, huyo uso wake mrefu," akasema. Nikashikilia. Nilitoka pale uso umepanuka kama sufuria.

Kilichonidanganya ni selfi. Simu ikiwa umbali wa mkono, pua inakuzwa na masikio yanajificha nyuma, kwa hiyo uso mpana unaonekana mwembamba. Siku hizi namwomba mtu asimame hatua 2 mbele yangu, anipige kwa kamera ya nyuma, simu ikiwa usawa wa macho, nami sitabasamu.

Picha hiyo naichapisha kwenye karatasi, nyeusi na nyeupe, kisha nachukua rula. Yangu ilitoa sentimita 12 kutoka nywele zinapoanzia hadi ncha ya kidevu, 11 kwenye mifupa ya mashavu na 10 kwenye taya. Urefu na upana unakaribiana: uso wa duara huo. Kama nywele za mbele zimerudi nyuma, inua nyusi uanze kupima pale mikunjo ya paji inapoishia, la sivyo utajiona una uso mrefu usio wako.

Baada ya hapo nachora kwa kalamu nyeusi juu ya karatasi. Nilipojaza mashavu, uso ulipanuka. Nilipoacha mashavu mepesi na kuongeza kidevuni na utosini, ukarefuka. Kumbe kinyozi alikuwa sahihi, na mimi nilimlipa nikamnunia.

Ila karatasi haijui nywele zako. Nilikaa wiki 3 bila kunyoa nione zinaota wapi, nikagundua shavu la kushoto lina pengo. Mtindo wowote unaotegemea mashavu yaliyojaa nikaufuta hapo hapo. Tena nywele za kipilipili zikinyolewa kwa wembe mpaka chini, ncha hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, ndiyo vile vipele vya shingoni. Kwa hiyo shingo yangu inapitiwa na mashine tu, na mstari wa chini unakaa vidole 2 juu ya kikoromeo. Ukipandishwa hadi kwenye taya, nyama ya chini ya kidevu inajianika.

Sasa namwambia kinyozi hivi: kichwani pembeni namba 1, juu aache, mashavuni namba 1, kidevuni namba 3. Namba 1 ni kama milimita 3, namba 3 kama 10.

Kwa kuwa zinajikunja, kidevuni hazishuki chini bali zinatanuka pembeni, na baada ya siku 10 hivi uduara umesharudi. Hapo nachana, napunguza pembeni peke yake kwa mkasi, zikiwa kavu. Niliwahi kuzikata mbichi zikiwa zimenyooka. Zilipokauka zilijikunja, nikabaki na nusu ya nilichokusudia.